Sheria inayozaa namba na sheria inayosubiri kuvunjwa

*Swali:* Niko mwaka wa pili kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Meneja wangu amenirudishia karatasi ya kazi ya sheria na kanuni, juu yake ameandika: "Umezikagua zote kwa namna moja. Tenganisha." Mteja ni kiwanda cha kusindika ngozi. Niliorodhesha sheria 18, na mbele ya kila moja nikaandika kwamba nimemuuliza meneja wa fedha naye amesema wanazifuata. Nitajuaje ipi inagusa hesabu moja kwa moja na ipi haigusi? Na kama haigusi, kwa nini niihangaikie?

*Jibu:* Meneja wako ana haki, ingawa angekuandikia mistari miwili zaidi asingepungukiwa kitu. Tuanze na orodha yenyewe. Umeandika majina ya sheria, na hapo ndipo ugumu wako ulipoanzia, kwa sababu kinachogawanywa ni masharti yaliyomo ndani ya sheria. Sheria moja ya mazingira inaweza kuwa na kifungu kinachotoza kiasi fulani kwa kila mita ya ujazo ya maji taka, na kurasa chache mbele ikawa na kifungu kinachosema huruhusiwi kutiririsha maji hayo bila kibali. Cha kwanza kinagusa hesabu moja kwa moja, cha pili hakigusi. Ukiiandika "Sheria ya Mazingira" kwenye mstari mmoja, utakwama mwaka mzima ukijiuliza iende upande gani.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Chukua kifungu, kisha jiulize: kama mteja amekitii kikamilifu, bila kasoro hata moja, je, bado kuna kiasi cha kuandika kwenye leja, au maelezo ya kuweka kwenye taarifa za fedha, kwa sababu ya kifungu hiki? Kama jibu ni ndiyo, kinagusa moja kwa moja. Kodi ya mapato, kodi ya zuio, mchango wa pensheni, tozo ya maji taka, na hata kanuni zinazoelekeza sura ya taarifa zenyewe, zote zinazaa namba au maelezo kwa mlipaji mwaminifu kuliko wote. Kama jibu ni hapana, yaani ukitii hakuna kinachoandikwa na namba inajitokeza pale tu unapovunja, basi kiko upande wa pili: kibali, masharti ya leseni, usalama wa wafanyakazi kazini, ulinzi wa taarifa za wateja. Ada ya mwaka ya leseni itaonekana kwenye leja, ni kweli, lakini ada na masharti ya leseni ni vifungu viwili tofauti.

Mgawanyo huu upo kwa sababu kazi inayodaiwa na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 250, si moja kwa pande zote mbili. Kwa masharti yanayogusa moja kwa moja unatakiwa upate ushahidi wa kutosha na unaofaa kwamba yamefuatwa, sawa na unavyotafuta ushahidi wa salio lolote lingine. Kwa mengine unatakiwa ufanye mambo mawili mahususi: kuuliza menejimenti na, inapofaa, wale wanaosimamia uongozi kama wanayafuata, na kusoma barua walizoandikiana na mamlaka za leseni na usimamizi. Juu ya hayo unabaki macho wazi katika kazi zako nyingine zote. Usipokutana na dalili yoyote, kiwango hakikudai zaidi ya hapo, ukiacha barua ya uthibitisho ya menejimenti ambayo utaichukua kwa vyovyote. Kwa hiyo kosa la karatasi yako lina sura mbili kwa wakati mmoja: kwenye pensheni umefanya kidogo mno, na kwenye kibali umefanya nusu, maana umeuliza lakini hukusoma.

Nikuonyeshe pande zote mbili kwa kiwanda kama hicho chako. Namba ni za mfano, zote kwa milioni, na kiwango cha ukubwa wa makosa tulichojiwekea kwa taarifa zote ni 30.

Tuanze na pensheni. Tuseme sheria inamtaka mwajiri achangie asilimia 10 ya "mapato yote ya kila mwezi ya mfanyakazi, pamoja na posho za kudumu", na mfanyakazi naye akatwe asilimia 10. Wakaguzi wengi wachanga hufanya jaribio hili: wanachukua fomu ya marejesho iliyopelekwa kwenye mfuko wa pensheni, wanailinganisha na gharama iliyoandikwa kwenye leja, halafu wanailinganisha na malipo yaliyotoka benki. Kwa fungu la mwajiri, vyote vitatu vinasoma 60. Wanapiga tiki na kufunga jalada.

Jaribio hilo limethibitisha kwamba alichokokotoa mteja ndicho alichokiandika na ndicho alicholipa. Kama alikosea mwanzo wa hesabu, karatasi zote tatu zimebeba kosa lilelile, na ndiyo maana zinakubaliana. Unachotakiwa ni kuanzia nje ya mlolongo huo. Fungua sheria, soma tafsiri ya neno "mapato", kisha fungua muundo wa mfumo wa mishahara uone kila aina ya malipo: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya usafiri, malipo ya saa za ziada, bonasi. Mbele ya kila moja andika kama sheria inaihesabu au haiihesabu, kisha angalia kama mfumo nao umeiweka hivyo. Kwenye kiwanda chetu mishahara ya msingi ya mwaka ni 600, na posho za kudumu ni 150. Mfumo umekokotoa mchango juu ya 600 peke yake. Kilichotakiwa ni asilimia 10 ya 750, yaani 75. Pengo la mwaka huu kwa upande wa mwajiri ni 15.

Mkaguzi mwenye haraka atasema 15 iko chini ya 30, tuipeleke kwenye orodha ya makosa madogo. Ngoja kwanza. Posho hizi zilianza lini? Ukichimba unakuta zilianzishwa katikati ya mwaka mmoja, miaka mitatu iliyopita, na pengo la miaka hiyo lilikuwa 5, kisha 12, kisha 14. Jumla ya miaka ya nyuma ni 31. Deni ambalo halimo kwenye mizania sasa ni 46, na kwa kuwa 31 kati yake ni la miaka iliyopita na lenyewe tu limevuka kiwango, mteja hawezi kulirundika lote kwenye gharama za mwaka huu akaita yamekwisha. Analazimika kurudi nyuma na kurekebisha masalio ya mwanzo, kama kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 8, kinavyotaka kwa makosa makubwa ya vipindi vilivyopita.

Halafu kuna fungu la mfanyakazi, ambalo nalo halikukatwa kwenye posho. Soma sheria kama inamruhusu mwajiri kulikata baadaye kwenye mshahara. Kama haimruhusu, 46 nyingine inamwangukia yeye, tunafika 92 kabla ya riba ya kuchelewesha. Unaona jinsi tofauti iliyoanza na 15 ilivyokua kwa kuusoma ukurasa mmoja wa sheria kwa makini. Kukokotoa upya ni sehemu rahisi ya jaribio hili. Uzito wake uko kwenye tafsiri ya neno moja na kwenye swali la nani ameachwa nje. Kwa hilo la pili, angalia pia vibarua na wale wanaoitwa wakandarasi lakini wanaingia kiwandani saa moja asubuhi kila siku na kulipwa kila mwisho wa mwezi.

Sasa kibali cha maji taka. Kiwanda cha ngozi kina sehemu ya majimaji, ambako ngozi mbichi huloweshwa, hutolewa manyoya kwa chokaa na salfaidi, kisha hutiwa chumvi za kromu ili zisioze. Maji yanayotoka hapo ni hatari, na kiwanda hakipaswi kuyatiririsha bila kibali. Ukimuuliza meneja wa fedha kama wanafuata sheria ya mazingira, atakujibu ndiyo, na huenda anaamini hivyo kwa dhati, kwa sababu kibali kiko kwenye ofisi ya meneja wa uzalishaji. Muulize anayejua. Na badala ya kuuliza kama wanatii, omba kibali chenyewe, soma tarehe ya mwisho na masharti yaliyoambatanishwa.

Kuhusu barua, usiridhike na faili unalokabidhiwa. Omba rejista ya barua zinazoingia, tafuta majina ya mamlaka, kisha dai barua kwa tarehe zake. Faili linaweza kupunguzwa kabla halijakufikia. Rejista ni ngumu zaidi kupunguza bila kuacha alama. Mahali pengine panapotoboa siri ni leja ya gharama za kisheria. Mimi huisoma ankara kwa ankara hata pale jumla yake inapokuwa ndogo, kwa sababu wanasheria huandika walichofanyia kazi ili walipwe. Kwenye kiwanda chetu ankara moja ya 3 inasomeka: "Ushauri kuhusu notisi ya tarehe 14 Machi." Kwenye faili la barua hakuna notisi yoyote ya Machi.

Hapo ndipo upande wa pili unapobadilika. Hadi jana kazi yako kwenye kifungu hiki ilikuwa kuuliza na kusoma. Leo una dalili, na ISA 250 inakutaka uelewe kitendo chenyewe na mazingira yake, kisha upate taarifa zaidi za kupima kinavyoweza kugusa taarifa za fedha. Unaidai notisi, inaletwa. Mamlaka imekuta kromu iliyozidi kiwango, imekiandikia kiwanda kwamba kibali kiliisha Desemba, na imetoa miezi sita kujenga mtambo wa kusafisha maji, la sivyo sehemu ya majimaji ifungwe. Faini ya juu kabisa ni 20. Mwaka wa hesabu wa mteja umeishia 30 Juni, wewe uko kwenye kazi ya ukaguzi mwezi Agosti, na muda wa notisi unaisha 14 Septemba.

Kishawishi kikubwa ni kuitazama 20, kuilinganisha na 30, na kuandika kwamba athari si kubwa. Hapa ndipo swali lako la mwisho linapopata jibu. Kwa sheria za upande huu, faini mara nyingi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Fuata madhara yanapokwenda, kila moja kwenye mstari wake wa mizania.

Faini kwanza. Kitendo cha kutiririsha maji machafu kimeshatokea kabla ya 30 Juni, kwa hiyo kama uwezekano wa kiwanda kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa, na kiasi kinakadirika, IAS 37 inataka kitengwe sasa. Kama uwezekano uko chini ya hapo lakini si wa mbali, kinaelezwa kwenye maelezo ya hesabu bila kutengwa.

Gharama ya mtambo ni 240, na mkurugenzi anaweza kutaka aitenge yote mwaka huu, pengine kwa nia njema au kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri na angependa faida ipungue. Mkatalie. Mtambo bado haujajengwa, na kiwanda kinaweza kuepuka gharama hiyo kwa kubadili uendeshaji wake, hata kwa kuifunga sehemu hiyo. IAS 37 yenyewe ina mfano wa kiwanda kilicholazimishwa na sheria kufunga vichujio vya moshi: gharama ya vichujio haitengwi, ila faini za kuendesha bila vichujio hupimwa kivyake. Watu wengi huipindua hukumu hii, wakatenga mtambo na kuisahau faini. Usafishaji wa uchafu uliokwishamwagika ni jambo jingine tena. Kama sheria inamlazimisha aliyechafua asafishe, wajibu huo upo tayari.

Kisha mkopo. Soma mkataba wa benki. Mikataba mingi ina sharti la mkopaji kuwa na vibali vyote halali, na baadhi inasema kukosa kibali ni sababu ya kudai mkopo wote mara moja. Kiwanda hiki kina mkopo wa 400 unaolipwa wote baada ya miaka mitatu, mkataba wake una sharti hilo la pili, nao umewekwa kwenye madeni ya muda mrefu. Kibali kiliisha Desemba, kwa hiyo tarehe 30 Juni benki ilikuwa tayari na haki ya kudai. Mkopo wote unahamia kwenye madeni ya muda mfupi, isipokuwa kama benki ilikuwa imekubali kwa maandishi, kabla ya 30 Juni, kutodai kwa angalau miezi 12 baada ya tarehe hiyo. Barua ya benki ya mwezi Agosti, hata iwe ya upole namna gani, haibadilishi mahali pa mkopo kwenye mizania ya Juni. Kwa hiyo kifungu ambacho "hakigusi hesabu" kimehamisha 400, zaidi ya mara 13 ya kiwango chetu.

Na baada ya hapo yanakuja maswali yasiyo na namba moja: je, mashine za sehemu hiyo bado zina thamani iliyoandikwa? Ngozi zilizoko kwenye mapipa ya kulowekea zitakuwaje shughuli zikisimama? Kiwanda kitaweza kuendelea kwa miezi 12 ijayo bila sehemu ambayo bidhaa zote hupitia? Hili la mwisho lina kiwango chake, ISA 570, na menejimenti ndiyo inayotakiwa kukuletea tathmini yake, ikiwa na mpango wa mtambo na mahali fedha zitakapotoka. Kama mashaka makubwa yapo na yameelezwa vizuri kwenye hesabu, hati ya ukaguzi inaweza kubaki safi ikiwa na sehemu maalumu inayoyataja. Kama hayakuelezwa vya kutosha, itakuwa hati yenye shaka au isiyoridhisha.

Umeona pia kwamba notisi ilikosekana kwenye faili. Usiache hilo lipite kama bahati mbaya ya utunzaji wa kumbukumbu. Nani aliiondoa, au ilikuwaje isiwekwe? Jibu lake linagusa uaminifu wa kila kitu kingine ulichoambiwa na mtu huyo, pamoja na barua ya uthibitisho atakayoisaini. Zungumza na ngazi ya juu ya aliyehusika. Kama ngazi hiyo ndiyo inayoshukiwa, nenda kwa bodi. Lakini kabla hujafungua mdomo, mpigie mshirika wako anayesaini ripoti, kwa sababu kwa baadhi ya makosa, hasa ya utakatishaji fedha, sheria inaweza kukukataza kumweleza mteja ulichokiona na wakati huohuo kukulazimisha kuripoti kwa mamlaka. Uamuzi huo si wa mkaguzi wa mwaka wa pili. Wala si kazi yenu kuamua kama kiwanda kimevunja sheria. Hilo mwishowe ni la mahakama au mamlaka yenyewe. Ninyi mnapima kama hesabu zimeyabeba matokeo yanayowezekana. Mkikosa taarifa za kutosha kupima, hasa menejimenti ikiwazuia, mnaangalia hati yenye shaka au kushindwa kutoa maoni.

Mwanasheria wa mteja atakusaidia, ila andika swali lako vizuri. Ukimuuliza kama kuna kesi, atajibu hakuna, na atakuwa mkweli, maana notisi si kesi. Uliza kuhusu notisi, madai na mawasiliano yoyote na mamlaka, yaliyopo na yanayotarajiwa, mpaka tarehe ya barua yake.

Sasa karatasi yako. Vunja sheria zako 18 kuwa vifungu vinavyokihusu kiwanda, na ukubali kwamba baadhi ya sheria zitaonekana mara mbili na nyingine hazitaonekana kabisa. Kwa vinavyogusa moja kwa moja, andika jaribio lililofanyika na rejea ya karatasi ya mishahara, kodi au tozo lilikofanyika; si lazima ulirudie hapo. Kwa vingine andika nani aliulizwa, cheo chake, tarehe, na barua zipi umezisoma kwa namba zake za rejista. Badala ya "amesema wanatii", mstari wa kibali usomeke hivi:

"Tumeomba kibali cha kutiririsha maji taka kwa meneja wa uzalishaji, 11 Agosti. Kiliisha 31 Desemba, hakijahuishwa. Notisi ya mamlaka ya 14 Machi imesomwa (rejista ya barua, Machi, mstari wa 9). Haikuwa kwenye faili tulilokabidhiwa. Athari kwa faini, mkopo, mashine, ngozi zilizo kwenye uzalishaji na mwendelezo wa biashara: tazama karatasi husika. Limefikishwa kwa mshirika siku hiyohiyo."

Na mstari wa usalama kazini, kama umeuliza, umesoma, na hukukutana na chochote, uandike mfupi na uufunge. Hakuna sababu ya kuupakia majaribio ili tu ufanane urefu na huu wa kibali.